Nikiacha kuuza, wateja wangu watapona au wataugua?

*Shikamoo Bi Mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nina meza sokoni hapa Mtwara. Nauza viungo, ukwaju, unga wa mlonge na dawa za asili, lakini kinachonilipia ada ni dawa moja ya maji, ya mgongo na magoti, ambayo wateja wanaiita "ile ya Newala". Anaitengeneza mjomba wangu. Chupa ya nusu lita nauza shilingi 5,000, na unakunywa kikombe cha kahawa asubuhi na kingine jioni, kwa hiyo chupa inakwisha kwa siku tano. Wanaoinywa ni akina mama wanaobangua korosho, wachukuzi, wavuvi na wazee. Mtu anakunywa leo, kesho anakuja kunishukuru.*

*Msimu wa korosho uliopita pesa ilikuwa mikononi mwa watu, mzigo ukaniishia, nikapanda gari kwenda Newala bila kutoa taarifa. Nikamkuta mke wa mjomba uani anatwanga vidonge vidogo vyeupe kwenye kinu. Nilipouliza, mjomba hakuficha. Anachemsha mizizi ndoo ya lita 20, kisha anatia kopo zima la vidonge 1,000, anapata chupa 40. Akasema, "Mizizi peke yake inachelewa, na watu wa siku hizi hawana subira. Hii ni dawa ya hospitali, haiui mtu." Nilipiga picha lebo ya kopo nikamwonyesha jirani yangu ambaye ni nesi. Ni deksamethasoni ya nusu miligramu. Alishika kichwa.*

*Bi Mshauri, mama yangu mzazi anainywa hiyo dawa zaidi ya mwaka. Uso umejaa, watu wanamwambia amenawiri. Kabla sijagundua haya alikwenda msibani Kilwa akasahau chupa, huko akalegea, akatapika, akawa hawezi kusimama bila kushikwa. Aliporudi akanywa, akaamka. Sote tulisema, unaona dawa ilivyo na nguvu.*

*Nimemwambia mjomba sitauza tena. Alinuna, lakini sasa amekubali kunitengenezea ya mizizi mitupu, nami nimefurahi kwa sababu nina mkopo wa VICOBA. Nimepanga kuimwaga iliyobaki usiku na kuendelea na hiyo mpya kimya kimya. Lakini sipati usingizi. Je, niwaambie wateja? Nimripoti mjomba? Kwetu sisi Wamakonde unajua mjomba ni nani, na huyu ndiye aliyenilea na ndiye aliyenipa mtaji. Au nikinyamaza tu yataisha?*

*Mfanyabiashara, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la dawa hospitalini, kwa hiyo utanivumilia nikianza na jambo ambalo hukuliuliza. Mama yako asikatishwe dawa hiyo ghafla. Mpeleke hospitali leo au kesho asubuhi, pamoja na chupa anayoinywa na ile picha ya lebo. Mpaka atakapoonwa na daktari, aendelee na kiasi chake cha kila siku baada ya kutikisa chupa vizuri, asiongeze na asiruke. Najua inauma kumpa mama kitu ambacho sasa unakijua kilivyo. Lakini kwa mtu aliyekunywa zaidi ya mwaka, kukatisha kwa siku moja kunaweza kumfanyia mabaya ambayo dawa yenyewe haijamfanyia.

Juu ya kila figo tunayo tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Ndiyo inayoshikilia presha ya damu na sukari, na ndiyo inayotupa nguvu ya kustahimili homa, jeraha au msiba. Deksamethasoni ni ndugu ya homoni hiyo aliyetengenezwa kiwandani, mwenye nguvu mara nyingi zaidi. Ukimletea mpishi wa nyumbani chakula kilichopikwa nje kila siku, ataacha kuwasha moto, na baada ya miezi mingi hata kuni hazipo. Siku chakula cha nje kisipofika, nyumba nzima inalala njaa. Tezi za mama yako zimeacha kazi namna hiyo. Kule Kilwa alilegea, akatapika na kushindwa kusimama kwa sababu mwili wake haukuwa na homoni, wala yake wala ile ya chupa. Alipoinywa tena ndani ya muda mfupi akaamka, na nyote mkaona ushahidi wa nguvu ya dawa. Nakuomba msimulie daktari kisa hicho neno kwa neno, kwa maana kitamwambia mengi kuliko uso uliojaa.

Sasa tupige hesabu, maana mjomba amekupa vipimo vyote. Vidonge 1,000 kwenye chupa 40 ni vidonge 25 kwa kila chupa. Chupa ikinywewa kwa siku tano, mtu amekunywa vidonge vitano kwa siku, yaani miligramu mbili na nusu za deksamethasoni. Kwa prednisoloni, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi kwenye zahanati zetu, hiyo ni kama miligramu 15 hadi 20 kila siku. Mwili wenyewe, ukiwa mzima, hutengeneza homoni inayolingana na miligramu 5 hivi tu. Kwa hiyo mteja wako wa kila siku amekuwa akipokea mara tatu au nne ya anachohitaji, bila yeye kujua wala wewe.

Na hizo ni hesabu za karatasini. Unga wa vidonge unatuama. Chupa iliyojazwa kutoka juu ya ndoo haiwi sawa na iliyojazwa kutoka chini, na anayemalizia masalia ya chupa bila kutikisa anaweza kunywa dozi ya siku kadhaa kwa mkupuo. Usitegemee kwamba kuchemsha kutaiondoa. Pia hatuna uhakika kwamba lilikuwa kopo hilo peke yake. Dawa za namna hii za maumivu mara nyingi huongezwa diklofenaki, ambayo ikikutana na deksamethasoni hutoboa tumbo kwa urahisi. Muulize mjomba kwa upole, tena mkiwa wawili tu, kama kuna kopo jingine ambalo hukuliona siku ile.

Hapo ndipo ninapotaka tuitazame upya ile dawa mpya ya mizizi mitupu, ambayo umeipokea kama suluhisho. Chupa ni ileile, rangi ileile, meza ileile. Mzee wa Mikindani ambaye amekunywa ya zamani kwa miezi minane atanunua mpya akiamini ni ileile, na kumbe siku hiyo amekatishwa homoni ghafla bila mtu kumwambia. Atajisikia mwili mzito, viungo vitauma kuliko zamani, atapata kichefuchefu na kizunguzungu anapoinuka. Nyumbani watasema ni malaria au uzee. Na akiwa na malaria kweli, au akianguka na kuvunjika, mwili wake hautakuwa na homoni ya kumbeba, presha inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Kumwaga usiku na kunyamaza kunaleta jambo lilelile. Wewe utakuwa umeacha kuuza, lakini miili yao itakuwa bado haijaacha.

Jambo hili limetokea mbali na kwetu pia. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya viungo vilivyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama vya mimea. Maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye lebo. Watu waliumia, wengine ini, na vifo viliripotiwa. Kilichonigusa katika onyo lile ni kwamba hawakuishia kusema msinywe. Waliwaambia waliokwisha kuvitumia wasiache wenyewe bila kuonana na mtaalamu wa afya. Ndiyo maana nasema wateja wako wanahitaji neno kutoka kwako kabla hawajahitaji chupa mpya.

Unaweza kuniuliza utawapataje. Mwuza sokoni ana kumbukumbu kuliko anavyodhani. Lipo daftari la madeni. Zipo jumbe za miamala kwenye simu, zenye jina na tarehe, na ukizipitia polepole utaona wanaorudi kila wiki. Wapo waliochukua chupa kumi kumi kwenda kuuza vijijini, na hao uwaanze mapema kwa sababu nyuma yao kuna watu usiowajua. Wengine huna namba zao, lakini watapita mezani wenyewe dawa ikiwaishia. Usiwafukuze kwa kusema imeadimika, maana watakwenda kuitafuta kwingine au watakaa nyumbani bila kitu.

Wanaohitaji hospitali kwanza ni walioinywa kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi. Chini ya hapo tezi kwa kawaida hazijalala, na wengi wanaweza kuacha bila shida, ingawa mtu akijisikia vibaya naye aende. Wenye kisukari, presha au vidonda vya tumbo, wajawazito, na watoto waliopewa ili wapate hamu ya kula, usihesabu wiki kwao. Waende wote, nao wasikatishe wenyewe kama wameizoea. Yeyote anayetapika, anayezimia akisimama, aliyechanganyikiwa, mwenye homa kali au anayepata choo cheusi kama lami asingoje kesho. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Dawa hii hunyamazisha dalili za maambukizi huku ikiyapa nafasi ya kukua. Maumivu ya mgongo yanayodumu wakati mwingine ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mtu anaweza kunywa chupa baada ya chupa akidhani anapona huku mfupa unaliwa. Kwa hiyo mteja wako aliyekuja kwa ajili ya mgongo, na sasa anakohoa, anapungua au anatoka jasho usiku, mwambie alitaje hilo hospitali.

Maneno ya kuwaambia yawe mafupi. "Ile dawa niliyokuuzia nimegundua ndani yake kuna deksamethasoni. Sikujua. Usiache ghafla, nenda hospitali na chupa, waambie umeinywa tangu lini na kiasi gani." Kwa sentensi hizo daktari ana pa kuanzia. Mara nyingi atambadilishia prednisoloni kwa kipimo kinachojulikana, kisha atampunguzia kidogo kidogo kwa wiki au miezi, akimpima sukari na presha. Kipimo cha kotisoli hakipatikani kila mahali, lakini daktari anaweza kuanza bila hicho akisikiliza historia vizuri. Usinunue vidonge wewe ukawagawia, hata ukijua jina na hesabu. Kupunguza kunafuata mwili wa mtu mmoja mmoja, na hilo si kazi ya meza ya sokoni.

Nakuja kwa mjomba. Katika barua yako nasikia uchungu wa mtu aliyesalitiwa, na sikulaumu. Ila kuna swali nataka ukae nalo. Mama yako ni dada yake. Je, mtu anayejua kwamba anatia sumu angempa dada yake wa tumbo moja zaidi ya mwaka? Hata wewe hakukuficha, alikueleza hesabu yote mpaka idadi ya chupa. Mimi nilipokuwa kazini nilikutana na waganga walioamini kwa dhati kwamba kidonge cha hospitali, kwa kuwa kimepita kiwandani, hakiwezi kudhuru, na kwamba wao wanaisaidia mizizi tu. Hilo halimfutii makosa. Deksamethasoni inatakiwa itolewe kwa cheti cha daktari, na kuna mtu alimuuzia makopo mazima bila kumuuliza neno. Pia wapo wanaojua kabisa wanachofanya, na huenda mjomba ni mmoja wao. Wewe ndiye unayemfahamu. Ninachosema ni kwamba mazungumzo na mtu asiyejua huanzia pengine kabisa, na kwake yanaweza kuanzia kwa dada yake kule Kilwa. Mweleze kilichomtokea mama na kwa nini. Kisha msikilize.

Kumripoti au kutomripoti sitakuamulia, kwa sababu matokeo yake utaishi nayo wewe na ukoo wenu, si mimi. Nitakueleza tu milango ilivyo. Upo mlango wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambao wana kazi ya kuchukua sampuli, kupima na kuzuia. Halmashauri inaye mratibu wa tiba asili, aliye chini ya mganga mkuu wa wilaya, na kwa wengi huyo ni rahisi zaidi kumwendea kwa sababu anawajua waganga wa eneo lake na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowasajili. Faida ya kupita huko ni kwamba wanaweza kuwafikia watu ambao daftari lako haliwafikii, na wanaweza kumfuata aliyemuuzia mjomba makopo. Hatari yake ni kwamba ukishafungua mlango, mwendo wa jambo hauko tena mikononi mwako. Mjomba anaweza kukamatwa, meza yako ikafungwa, na wewe mwenyewe ukahojiwa kama muuzaji. Siwezi kukuahidi kwamba kwenda mwenyewe kutakuepusha. Kwa hiyo kabla ya kwenda, kaa na msaidizi wa kisheria. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo, nao hawatozi ada. Mwulize waziwazi nafasi yako ni ipi ukiwa uliuza bila kujua, na inabadilikaje ukiuza hata chupa moja baada ya kujua.

Ipo pia njia ya katikati, kwamba mjomba aende mwenyewe, wewe ukiwa pembeni yake. Kwenu mjomba ndiye anayesimama mbele ya mashauri ya wapwa, na pengine mzee mwingine wa ukoo anaweza kumsaidia aone kwamba kusimama safari hii ni kukiri. Nimeiona ikifanikiwa mara moja moja. Nimeona pia mtu akiahidi kwenda wiki ijayo, na wiki ijayo makopo mapya yakafika. Ukiichagua njia hii, mpe siku inayojulikana, na kuwaambia wateja kusingoje siku hiyo. Hayo ni mambo mawili tofauti, mwanangu, na nadhani kinachokunyima usingizi ni kwamba umeyafunga pamoja. Unaweza kuwa hujaamua lolote juu ya mjomba na bado ukapiga simu kwa wateja leo jioni.

Kwa hiyo ule mpango wa kumwaga usiku, uache kwanza. Chupa zilizobaki zifungie mahali pasipofikiwa na watoto wala mteja, uandike kila moja tarehe uliyoipokea. Daktari wa mtu atakayeugua anaweza kuihitaji, maabara pia, na wewe mwenyewe siku ukiulizwa ulifanya nini ulipogundua. Iliyomwagwa haina cha kueleza.

Umetaja VICOBA. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi kabla ya siku ya marejesho, umwambie bidhaa yako kubwa imesimama na unaomba kupangiwa upya. Huna lazima ya kueleza yote. Huenda mauzo yatashuka, na wapo wateja watakaokukasirikia, wengine kwa sababu umewauzia na wengine kwa sababu umekataa kuwauzia tena. Hao wa pili watakuwa na maumivu ya kweli, kwa maana maumivu yaliyofunikwa hurudi dawa inapopunguzwa. Ukilijua hilo mapema, hutadhani umekosea watakapokuambia kwamba tangu uache hali zao zimekuwa mbaya zaidi. Wakumbushe wamwambie daktari, ili maumivu yatibiwe kwa jina lake. Na ikiwa siku moja mjomba ataleta dawa ya mizizi mitupu, iwe imepimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kusajiliwa, iwe na chupa nyingine na jina lingine kabisa, na isiuzwe kwa yeyote ambaye bado anapunguziwa ile ya zamani.

Mama atahitaji uangalizi mrefu kuliko sote tungependa. Tezi zilizolala zaidi ya mwaka zinaweza kuchukua miezi mingi kuamka, pengine hata mwaka mwingine, hata baada ya kidonge cha mwisho. Katika muda huo akipata homa kali, akianguka, akitakiwa kufanyiwa upasuaji au akitapika mpaka vidonge havikai tumboni, anaweza kuhitaji kuongezewa homoni hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwombe daktari aandike kwenye kadi yake ametumia deksamethasoni, tangu lini, kiasi gani, na sasa yuko kwenye dozi ipi. Kadi hiyo asafiri nayo kila aendako, na aliyefuatana naye ajue imo kwenye mfuko upi.